Wastani wa Habari na Hali Halisi ya Kaya

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa nchi yenye uchumi wa kati wa ngazi ya chini. Kigezo kilikuwa wastani wa pato la taifa kwa kila mtu, uliofikia dola 1,080 za Marekani kwa mwaka 2019, wakati kiwango cha kuingia katika kundi hilo kilikuwa dola 1,036. Habari ilienea upesi, na wananchi wengi wakajiuliza: hizo dola 1,080 ziko kwa nani?

Takwimu hiyo haikuwa ya uongo. Tatizo ni kuitumia kujibu swali ambalo haikuundwa kulijibu. Wastani wa namna hiyo hupatikana kwa kuchukua pato lote la nchi, likiwamo la migodi, mabenki na makampuni makubwa, na kuligawanya kwa watu wote, kuanzia mtoto mchanga hadi mzee. Unafaa kulinganisha uchumi wa nchi na nchi, au mwaka na mwaka. Hausemi mwananchi wa kawaida anapata kiasi gani.

Tuchukue mfano wa kubuni wa kitongoji chenye kaya kumi. Mapato ya kaya tisa kwa mwezi, kwa shilingi, ni 80,000, 90,000, 100,000, 100,000, 110,000, 120,000, 130,000, 130,000 na 140,000. Kaya ya kumi ni ya mfanyabiashara mwenye maduka na mashine ya kukoboa, naye hupata 2,000,000. Jumla ni 3,000,000, na ukigawanya kwa kumi wastani ni 300,000. Lakini hakuna kaya hata moja inayopata kiasi hicho, na tisa kati ya kumi hazifikii hata nusu yake. Iwapo mchango wa ujenzi wa darasa utapangwa kwa kufuata wastani huo, kaya tisa zitaelemewa.

Sasa zipange kaya hizo kuanzia ya chini hadi ya juu, kisha utazame katikati. Kaya ya tano inapata 110,000 na ya sita 120,000; hivyo thamani ya katikati ni 115,000. Hiyo ndiyo inayofanana na maisha ya wengi. Mwaka ujao mfanyabiashara akipata 3,000,000, wastani utapanda hadi 400,000, na gazeti litaweza kuandika kwamba mapato ya kitongoji yameongezeka kwa theluthi moja. Thamani ya katikati itabaki 115,000, kwa sababu kaya nyingine hazikuongeza hata shilingi. Kwa hiyo habari inayohusu mapato, kodi ya nyumba au bei ya viwanja ikitaja wastani peke yake, tafuta thamani ya katikati. Zikiachana sana, wachache wa juu wameuvuta wastani.

Si kila wastani una kasoro hiyo. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kwamba kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Hakuna kaya yenye theluthi ya mtu, lakini takwimu hiyo inaaminika: sensa hulenga kuhesabu kila kaya, na hakuna kaya yenye watu elfu moja ya kuuvuta wastani juu. Mapato hayana kikomo cha namna hiyo.

Karibu zaidi na nyumbani ni maji. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja cha kuchotea maji vijijini kihudumie watu 250, wasiotembea zaidi ya mita 400. Tuseme kata ina wakazi 5,000 na vituo 20. Wastani ni watu 250 kwa kituo, na taarifa itasomeka kwamba lengo limefikiwa. Lakini iwapo vituo 15 viko katika kijiji cha watu 2,000, na vitano tu katika kijiji cha watu 3,000, basi kijiji cha kwanza kina watu 133 kwa kituo na cha pili 600. Foleni ya ndoo alfajiri haiujui wastani wa kata.

Iko hila nyingine, mara nyingi isiyokusudiwa: kuhesabu vituo vilivyojengwa badala ya vinavyotoa maji. Vinne kati ya vile 20 vikiwa vimekauka, watu kwa kituo wanakuwa zaidi ya 312.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Taarifa ya maji inaposomwa, mwananchi anaweza kuomba hesabu ya kijiji kwa kijiji, na idadi ya vituo vilivyotoa maji mwezi uliopita. Chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii ndicho kinachoendesha mradi, na ndicho cha kwanza kuulizwa kituo kipi kinafanya kazi na kipi kimesimama.