Namba nyingi, wanunuzi wachache

Tangazo la kulipia Facebook au Instagram linaweza kuleta namba za simu mia tatu kwa wiki, kisha kiwanja kisinunuliwe hata kimoja. Hapo lawama huanza: wauzaji husema namba ni mbovu, na mtu wa matangazo husema wauzaji hawapigi simu. Ubishi huo humalizwa na kumbukumbu tu. Kila namba inapaswa kubaki na jina la tangazo lililoileta mpaka siku ya malipo, na pembeni yake iandikwe tarehe ilipoingia, saa ya simu ya kwanza na hatua mteja aliyofikia: alipokea simu, alikuja saiti, alilipa kianzio.

Tuseme kampuni ya viwanja imelipia matangazo mawili, kila moja shilingi 600,000. La kwanza linafungua fomu ambayo Facebook yenyewe hujaza jina na simu kutoka kwenye akaunti ya mtu. Kugusa mara mbili au tatu kunatosha, ndiyo maana wengine hupigiwa wakashangaa, hawakumbuki kama waliomba chochote. Hili limeleta namba 300, kila moja kwa shilingi 2,000. La pili linauliza bajeti na mwezi wa kununua. Limeleta namba 100 tu, kila moja kwa 6,000. Anayetazama bei ya namba atalifuta la pili, na ndivyo wengi wanavyofanya.

Miezi mitatu baadaye, la kwanza limetoa wanunuzi 3 na la pili 6. Kila mnunuzi amegharimu 200,000 upande mmoja na 100,000 upande mwingine. Hata hivyo, tatu kwa sita ni tofauti ndogo. Bahati peke yake inaweza kuileta. Mauzo yakiwa machache namna hii, ni bora kurudi hatua moja nyuma. Waliofika saiti ni 12 kwa 30, pengo ambalo ni vigumu kulisingizia bahati. Katika pande zote mbili, takriban mmoja kati ya wanne au watano waliofika alinunua, kwa hiyo kufika saiti ni dalili ya kuaminika. Kama wa tangazo la pili wangefika kwa wingi lakini wasinunue, dalili hiyo isingefaa.

Kabla ya kuzima tangazo la kwanza, saa za simu zichunguzwe. Ikiwa namba zake ziliingia usiku zikapigiwa baada ya siku mbili, kosa huenda si la tangazo. Vilevile, namba za Januari zilinganishwe na mauzo yaliyotokana na namba hizohizo, hata kama malipo yalifanyika Machi. Anayegawanya mauzo ya Machi kwa namba za Machi huliona tangazo jipya kuwa baya kuliko lilivyo, maana wateja wake bado wanajikusanya.