Dirisha Ndani ya Skrini

Muuzaji wa kompyuta atakuambia kwamba skrini isiyong'aa huzuia mwanga wa dirisha. Haizuii. Kioo kisicho na utando wowote hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga unaokigonga, kiwe laini au kiwe na uso wa mikwaruzo midogo. Kinachobadilika ni upande mwanga huo unakoelekea.

Tuchukue ofisi ambayo dirisha liko nyuma ya mgongo wa anayefanya kazi. Nje kuna mawingu meupe yenye mwangaza wa niti 4,000 hivi. Skrini inatoa niti 300 penye weupe na 0.3 penye weusi. Ikiwa ni ya kung'aa, asilimia 4 ya mwanga wa mawingu, yaani niti 160, inarundikana pale inapoonekana sura ya dirisha. Hapo weupe unafika 460 na weusi 160. Tofauti iliyokuwa mara 1,000 imeshuka chini ya mara 3, na filamu yenye matukio ya usiku haitazamiki tena. Nje ya sura hiyo, ikiwa ukuta una giza la kutosha, weusi unabaki mzito.

Skrini isiyong'aa ina vibonde visivyoonekana kwa macho, vinavyotawanya mwanga huku na huku. Tuseme sura ya dirisha imetandazwa kwenye eneo kubwa mara 10: zile niti 160 zinakuwa 16, na tofauti inapanda hadi karibu mara 19. Maandishi yanasomeka bila taabu. Lakini ukungu sasa umefunika hata sehemu ambazo dirisha halikuzigusa, na chumba chenye madirisha pande mbili hakiachi kona yoyote nyeusi. Tena vibonde hivyo hupindisha mwanga wa pikseli zenyewe, ndiyo maana ukurasa mweupe wakati mwingine huonekana una chengachenga.

Kinachopunguza mwanga kwa kweli ni utando wa kupinga uakisi, mwembamba kama nanomita 100. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando na ule unaorudi kutoka chini yake hukutana kilele kwa bonde, na kufutana. Tabaka moja la floridi ya magnesi hushusha asilimia 4 hadi 1.3 hivi, tabaka kadhaa hushusha zaidi. Ufutanaji huo hupangwa uwe bora kwenye kijani, kwa hiyo kinachosalia huelekea zambarau. Mafuta ya vidole huuharibu, na alama ya dole gumba huonekana wazi kuliko kwenye kioo cha kawaida.

Dukani, zima skrini uimulike kwa tochi ya simu. Doa kali jeupe ni kioo kitupu, doa lenye kingo wazi lakini lililofifia na lenye rangi ni utando, na wingu pana ni skrini isiyong'aa. Kama meza yako inaweza kugeuzwa dirisha likae ubavuni, ya kung'aa ndiyo itakayokufaa: itakuonyesha ukuta tu, huku ile nyingine ikiendelea kukutupia sehemu ya mwanga wa dirisha usoni.