Bangi, Mania au Skizofrenia?

Kijana wa miaka 23, fundi simu, analetwa hospitalini na mama yake na kaka yake. Anaongea haraka bila kupumzika, anasema amechaguliwa kulipa madeni ya nchi nzima, na anasikia sauti za watu wawili wakimjadili. Mkojo wake umeonyesha bangi. Kisa hiki ni cha kutunga, cha aina tunayowapa wanafunzi wa udaktari wa akili, lakini vijana wa namna hii wanafika wodini kila wiki.

Baada ya mahojiano, daktari huandika muhtasari wa mgonjwa. Ndani yake kuna aya moja inayobeba uzito kuliko nyingine zote: ile inayotaja magonjwa yote yanayoweza kuleta dalili hizi, na kueleza kwa nini moja limewekwa mbele ya jingine. Watu wengi hudhani ni orodha tu. Orodha yoyote mwanafunzi anaweza kuikariri. Kazi yenyewe ni kuandika, chini ya kila jina, kinacholiunga mkono na kinacholipinga, na mara nyingi kile kinachopinga ndicho kinachosahaulika.

Jibu jepesi kwa kijana huyu ni bangi. Mkojo umesema, kaka amethibitisha, na muuguzi wa zamu ameshaandika hivyo kwenye faili. Tatizo ni kwamba kwa mtu anayevuta mara kwa mara, kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha bangi wiki kadhaa baada ya kuacha. Kinathibitisha kwamba amevuta. Hakisemi kwamba bangi ndiyo iliyoleta sauti. Kaka yake anaeleza kuwa amekuwa akivuta tangu kidato cha nne bila kuchanganyikiwa, na kwamba mwezi huu amezidisha. Hapo linazuka swali la pili: je, bangi nyingi ilileta ugonjwa, au ugonjwa ulioanza kimyakimya ndio uliomfanya avute zaidi?

Hakuna mashine inayojibu swali hilo. Linajibiwa kwa kuuliza familia mpangilio wa mambo, siku kwa siku.

“Mama, kabla hajaanza kusema habari za sauti, mlianza kuona nini?”

“Alianza kutolala, daktari. Saa nane za usiku anafua nguo, anafagia uwanja. Nikasema mwanangu sasa kapata bidii. Kisha akaanza kugawa simu za wateja bure.”

“Hiyo ni kabla ya bangi kuzidi?”

Kaka ndiye anayejibu: “Kabla. Usingizi ulimtoka kwanza. Alikuwa ananiambia anavuta ili apate kulala.”

Majibu haya yana thamani kubwa kuliko kipimo cha mkojo. Daktari anachora mstari wa muda pembeni mwa karatasi: wiki tatu zilizopita usingizi unapungua na nguvu zinapanda, wiki moja baadaye bangi inaongezeka, siku kumi zilizopita anaanza kusema amechaguliwa, siku tano zilizopita sauti zinaingia. Kisha mama anakumbuka kwamba miaka miwili nyuma kijana alijifungia chumbani karibu miezi miwili, hali, haogi, analia. Nyumbani waliita uvivu. Kwenye muhtasari, hicho huenda kilikuwa kipindi cha sonona, na sonona iliyofuatwa na siku za nguvu zisizo za kawaida inaelekeza kwenye baipola, ugonjwa unaomrusha mtu kati ya huzuni nzito na kuchangamka kupita kiasi, yaani mania.

Lakini sauti zinazomjadili? Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kuziona kama alama ya skizofrenia. Mjerumani Kurt Schneider aliziweka katika kundi la dalili za daraja la kwanza, na wengi wakazishika kama muhuri. Baadaye ilionekana kwamba dalili hizo huwapata hata watu wenye mania. Hatari ya kushikilia dalili moja ilijitokeza wazi katika utafiti wa Marekani na Uingereza uliochapishwa mwaka 1972. Hospitali za New York zilikuwa zikitoa jina la skizofrenia mara nyingi zaidi kuliko za London. Watafiti walipowahoji wagonjwa wa pande zote kwa maswali yaleyale, walikuta wanafanana kuliko majina waliyopewa. Sehemu kubwa ya tofauti ilikuwa kwenye mazoea ya madaktari.

Kwa hiyo daktari wetu haifuti skizofrenia, anaishusha. Kinachoiunga mkono ni umri na sauti. Kinachoipinga ni muda, kwani mwongozo wa kimataifa wa ICD-11 unataka dalili zidumu angalau mwezi mmoja, nazo hapa zina siku kumi tu. Pia zimeingia hisia zikiwa tayari zimepanda, na madai yake yote yanakwenda na kuchangamka huko: ukubwa, utajiri, uteule.

Kuna jambo jingine linalotaka uangalifu. Familia hii inaamini majini, na mama ameshampeleka kijana kwa mganga. Imani hiyo peke yake si dalili, kwa sababu ni ya jamii nzima. Daktari anapima kwa kuuliza: watu wenye imani hiyohiyo wanayaonaje maneno yake? Mama mwenyewe amestaajabu. Anasema hajawahi kusikia jini linalomtuma mtu kulipa madeni ya nchi. Hilo linaandikwa, kwa maneno yake.

Hadi hapa tumepanga kwa uwezekano. Upo mpangilio wa pili, wa hatari, nao hauendi sambamba na wa kwanza. Malaria kali, sukari iliyoshuka, uti wa mgongo au uvimbe wa ubongo huenda viko chini kabisa kwa uwezekano, lakini vinaua ndani ya masaa au siku, kwa hiyo huchunguzwa mwanzo. Dalili za kuamsha shaka ni homa, degedege, shingo kukaza, kuona vitu visivyokuwepo kuliko kusikia, na hasa fahamu inayopanda na kushuka: asubuhi anajua alipo, jioni hajui. Kijana huyu ana joto la 36.8, sukari yake ni sawa, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na anataja siku, mji na jina la hospitali bila kusita. Daktari anaandika hayo yote, si “vipimo viko sawa” tu, ili atakayemwona usiku akikuta homa ajue kwamba kuna kilichobadilika.

Aya inayobaki kwenye faili inasomeka hivi:

“Kwanza, baipola, kipindi cha mania chenye sauti na imani potofu: usingizi ulipungua kabla ya bangi kuongezeka, kipindi cha sonona miaka miwili iliyopita, hakuna historia ya mania hapo awali. Pili, saikosisi ya bangi: matumizi yameongezeka, lakini dalili zilitangulia. Tatu, skizofrenia: muda hautoshi. Ugonjwa wa mwili: hakuna ushahidi kwa sasa, joto na fahamu vipimwe kila zamu. Kupitia upya baada ya wiki nne.”

Mpangilio huo unaamua matibabu. Angeandikiwa bangi peke yake, huenda angerudishwa nyumbani akitulia, bila dawa ya kuzuia hisia zisirushwe tena. Na siku atakaporudi kliniki akiwa na huzuni, atakayesoma faili lisilotaja mania anaweza kumpa dawa ya sonona peke yake, ambayo kwa mwenye baipola inaweza kuiwasha mania upya.

Wiki nne zikipita, daktari ataangalia mambo mawili. Hisia zikishatulia huku sauti zikiendelea kwa wiki mbili au zaidi, baipola inashuka na skizofrenia au ugonjwa unaochanganya yote mawili unapanda. Kila kitu kikiisha, jibu bado halitakuwa safi, kwa sababu kijana atakuwa ameacha bangi na ameanza dawa kwa wakati mmoja, na hakuna anayeweza kusema kipi kilimponya. Bangi itabaki kwenye orodha, nafasi ya pili, mpaka kipindi kingine kitokee akiwa hajavuta.