Je, Wajua? Roboti Ifuatayo Mstari Huanza Kupinda Kabla Haijafika

Je, wajua kwamba mstari mweusi tii machoni pako unaweza usionekane kabisa na roboti? Kihisi kinachotumika sana katika kazi ya kufuata mstari, TCRT5000, kina taa ndogo inayomulika sakafu kwa infraredi ya nanomita 950, na ubavuni pake transista inayopokea mwanga unaorudi. Jicho la binadamu huishia karibu na nanomita 700. Wino wa kalamu nyingi nyeusi humeza mwanga tunaouona sisi, lakini infraredi huupenya, ikaigonga karatasi nyeupe chini yake na kurudi kana kwamba hapakuchorwa kitu. Ndiyo maana wengi huacha kalamu na kubandika tepu nyeusi ya mafundi umeme, yenye upana wa milimita 19 hivi: weusi wake kwa kawaida hutokana na masizi ya kaboni, na kaboni humeza infraredi vilevile.

Ukitaka kujua kama taa za vihisi vyako zinawaka, zitazame kwa kamera ya simu. Kamera ya mbele ndiyo bora, kwa kuwa katika simu nyingi haina kichujio kikali, na utaona nukta za zambarau mahali ambapo macho matupu hayaoni kitu. Jua nalo lina infraredi tele. Roboti iliyopimwa vizuri chumbani huweza kupotea pindi inapopita kwenye mwanga wa dirishani, kwa sababu vihisi vyote vinasoma “nyeupe” kwa pamoja.

Tuichukue roboti moja tuifuate mpaka mwisho. Ina mota mbili za manjano zenye giaboksi, magurudumu yaliyoachana sentimita 14, na gurudumu huru la kuegemea. Ubongo wake ni Arduino Uno, na mota zinaendeshwa na bodi ya L298N. Vihisi ni vitano, vimepangwa kwa mstari ulionyooka, kila kimoja sentimita moja kutoka kwa mwenzake, milimita 3 hadi 5 juu ya sakafu. Kabla ya safari, kila kihisi hupitishwa juu ya nyeupe na juu ya nyeusi, kisha usomaji wake hugeuzwa uwe kati ya 0 kwa nyeupe na 1000 kwa nyeusi. Hatua hii haikwepeki. Vihisi viwili vilivyotoka pakiti moja havisomi sawa, na roboti isiyosawazishwa itakaa upande mmoja wa mstari huku ikiamini iko katikati.

Je, wajua kwamba vihisi vitano vinaweza kupima sehemu ndogo kuliko nafasi iliyopo kati yao? Siri ni kuchukua wastani wenye uzito. Kihisi cha kushoto kabisa hupewa namba −2000, kinachofuata −1000, cha kati 0, kisha 1000 na 2000. Tuseme usomaji kutoka kushoto ni 0, 0, 900, 600, 0. Zidisha kila usomaji kwa namba ya mahali pake, jumlisha, upate 600000. Gawanya kwa jumla ya usomaji wote, 1500, upate 400. Maana yake katikati ya tepu iko milimita 4 kulia kwa kihisi cha kati, ingawa hakuna kihisi chochote mahali hapo. Namba hiyo ndiyo mkengeuko.

Kidhibiti cha uwiano hufanya jambo moja tu: huzidisha mkengeuko kwa namba isiyobadilika iitwayo Kp, kisha hujumlisha jibu kwenye mota ya kushoto na kulitoa kwenye mota ya kulia. Nguvu ya mota kwenye Arduino huandikwa kwa namba kati ya 0 na 255. Tukiweka nguvu ya msingi 120 na Kp ya 0.04, mkengeuko wa 400 unaleta rekebisho la 16. Kushoto 136, kulia 104, na roboti inapinda kulia kuufuata mstari.

```
long jumla = 0, uzito = 0;
for (int i = 0; i < 5; i++) {
  jumla += soma[i];
  uzito += (long)soma[i] * (i - 2) * 1000;
}
if (jumla > 200) mkengeuko = uzito / jumla;
int rekebisho = Kp * mkengeuko;
```

Neno `(long)` katika mstari wa nne limeangusha roboti nyingi kwa kukosekana kwake. Namba ya kawaida ya Arduino Uno, `int`, haivuki 32767. Ukizidisha 600 kwa 1000 bila kinga hiyo, 600000 hufurika na kubaki 10176, na mkengeuko unakuwa 6 badala ya 400. Usomaji ukiwa 900 hali ni mbaya zaidi: 900000 hugeuka kuwa −17504, na roboti inaukimbia mstari inaouona. Dalili yake ni roboti inayofuata vizuri ikiwa katikati kabisa, kisha kugeukia upande usiofaa ghafla. Ukiona hivyo usiguse Kp, kagua hesabu kwanza. Sharti la `jumla > 200` nalo lina kazi yake: mstari ukipotea, roboti inashika mkengeuko wa mwisho na kuendelea kupinda upande ulikopotelea.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha roboti hii, na ambalo watu hulitafuta kwenye programu wakati limo kwenye rula. Je, wajua kwamba ukiweka vihisi usawa mmoja na ekseli ya magurudumu, hakuna Kp yoyote duniani itakayoituliza roboti yako?

Fuata mwendo wake. Roboti iko kushoto kwa mstari, inapinda kulia kuurudia. Vihisi vinapofika katikati ya tepu mkengeuko ni sifuri, mota zote mbili zinapata 120, na roboti inakwenda moja kwa moja. Lakini wakati huo pua yake imeelekea kulia, imeukata mstari mshazari. Kwa hiyo inauvuka na kutokea upande wa pili, inapinda kushoto, inarudi, inauvuka tena. Kuongeza Kp kunafanya myumbo huo uwe wa haraka zaidi, hakuufuti. Na kwa kuwa mota huchelewa kidogo kuitikia amri, myumbo unakua mpaka tepu itoke chini ya vihisi.

Sasa sogeza vihisi sentimita 8 mbele ya ekseli. Roboti ikirudi mstarini kwa mshazari, vihisi vinauvuka mstari kabla ya magurudumu kuufikia. Mkengeuko unabadilika alama mapema, mota zinaanza kunyoosha mwili ungali njiani, na mwili unatua juu ya tepu ukiwa umenyooka. Kihisi kilicho mbele hakipimi umbali peke yake. Kinapima umbali pamoja na pembe ya mwelekeo, vyote vikiwa ndani ya namba moja.

Jambo hili linajulikana tangu zamani baharini. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alichapisha uchambuzi wa namna meli inavyoweza kujishikia mwelekeo yenyewe. Alizingatia jinsi mshika usukani anavyofanya kazi, akaona kwamba mtu huyo hatazami tu meli imekengeuka kiasi gani. Anatazama pia inakengeuka kwa kasi gani, ili aanze kurudisha usukani kabla chombo hakijafika mahali pake. Roboti yetu haina sehemu hiyo ya pili katika programu. Imepewa na zile sentimita 8 za mbele.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini roboti iliyotulia kwa mwendo wa polepole hupagawa ukiiongezea kasi. Ikienda sentimita 30 kwa sekunde, sentimita 8 ni onyo la mapema la sekunde 0.27. Ikienda sentimita 60 kwa sekunde, onyo linabaki sekunde 0.13, na mota zenye giaboksi zinahitaji muda unaokaribia huo ili kubadili mwendo. Betri mpya zinaweza kukuletea tatizo lilelile bila wewe kugusa kitu.

Kp yenyewe itafutwe wapi? Anzia kwenye kona. Kwenye mduara wenye nusu kipenyo cha sentimita 40, gurudumu la nje linapaswa kwenda kasi kwa asilimia 17.5 kuliko katikati ya roboti, na la ndani polepole kwa kiasi hichohicho. Asilimia 17.5 ya 120 ni 21. Rekebisho hilo la 21 halina pengine pa kutoka isipokuwa kwenye mkengeuko, kwa hiyo ndani ya kona roboti lazima ikae pembeni ya mstari muda wote. Kwa Kp ya 0.01 mkengeuko unaohitajika ni 2100, nao unazidi 2000, mwisho wa vihisi: roboti inatoka njiani, na huna haja ya kuijaribu ili ujue. Kwa 0.02 ni 1050, yaani zaidi kidogo ya sentimita moja. Kwa 0.04 ni 525, milimita 5 hivi. Endelea kupandisha mpaka kwenye mstari ulionyooka usikie mota zikipokezana mngurumo, kushoto, kulia, kushoto. Hapo umepita kiasi, rudi nyuma kama theluthi moja.

Roboti ikikaa pembeni hata kwenye mstari ulionyooka, bila kuyumba, sababu ni mota zisizolingana. Kama ya kushoto inahitaji nyongeza ya 8 ili iende sawa na mwenzake, kwa Kp ya 0.04 roboti itatulia milimita 1 kutoka katikati. Sawazisha nguvu ya msingi ya kila mota, Kp iache ilivyo.

Je, wajua kwamba kona kali kuliko zote inaweza kupigiwa hesabu kabla ya kubandika tepu? Mkengeuko mkubwa kabisa ni 2000, na mara 0.04 ni 80. Magurudumu yanapata 200 na 40, na kwa nafasi ya sentimita 14 kati yake, hayo ni mapindo yenye nusu kipenyo cha sentimita 10.5. Kwa vitendo mota nyingi za namna hii husita zikipewa chini ya 60 hivi, zikinguruma bila kuzunguka, kwa hiyo gurudumu la ndani linaweza kusimama kabisa na roboti ikapinda kwa ukali wa sentimita 7. Kona ya mraba haimo katika uwezo huo. Kwa kona hiyo weka sharti la pekee: vihisi vitatu vya upande mmoja vikisoma nyeusi kwa pamoja, sogea mbele mpaka ekseli ifike kwenye kona, kisha zungusha gurudumu moja mbele na jingine nyuma mpaka kihisi cha kati kiupate mstari.