Asilimia ya Kilichobaki

Tuseme mume na mke wa kijijini mkoani Iringa wameuza magunia 10 ya mahindi kwa shilingi 80,000 kila gunia, wakapata 800,000. Wamekubaliana kwamba asilimia 30 iende kwenye ada ya mtoto, kisha asilimia 25 ya kitakachobaki ilipe deni la mbolea. Wengi hapa hujumlisha 30 na 25, wakapata 55, wakasema zitabaki asilimia 45, yaani shilingi 360,000. Hapo wamejipunja shilingi 60,000.

Ada ni 240,000, zinabaki 560,000. Ile asilimia 25 sasa inahesabiwa kwenye 560,000, si kwenye 800,000, kwa hiyo deni linachukua 140,000. Nyumbani zinabaki 420,000. Njia fupi ni kufuatilia kinachobaki badala ya kinachotoka: baada ya ada imebaki 0.70 ya fedha, na baada ya deni imebaki 0.75 ya hiyo. Zidisha 800,000 × 0.70 × 0.75, unapata 420,000 ileile.

Ukitanguliza deni, utakachobaki nacho hakibadiliki, maana kuzidisha hakujali nani ametangulia. Lakini mgawo unabadilika sana. Deni likitoka kwanza linachukua 200,000, na ada inapata asilimia 30 ya 600,000, yaani 180,000 tu. Mtoto amepoteza 60,000 na mwenye duka la pembejeo ameongezewa 60,000 hizohizo, bila asilimia yoyote kuguswa. Ndiyo maana makubaliano ya namna hii yaandikwe pamoja na mpangilio wake. Ukiambiwa tu “asilimia 30 na asilimia 25”, uliza kila moja inakatwa kwenye fedha ipi.

Mfanyakazi wa Tanzania anakutana na jambo hili kwenye hati yake ya mshahara. Mchango wake wa hifadhi ya jamii hutolewa kwanza, na kodi ya mapato huhesabiwa kwenye kilichobaki. Mwenye mshahara wa 500,000 anayechangia asilimia 10 hupigiwa hesabu ya kodi kwenye 450,000. Akiona kodi yake imeanzia kwenye 500,000 nzima, ana haki ya kwenda kumwuliza mhasibu.

Kurudi nyuma ndiko kunakowakwaza hata waliosoma. Mke amekuta 420,000 kwenye kopo na anataka kujua zilikuwa ngapi kabla ya kulipa deni. Akiongeza asilimia 25 ya 420,000 anapata 525,000, na si kweli, kwa sababu ile 25 ilikatwa kwenye fungu kubwa zaidi. Zilizobaki ni asilimia 75 ya fungu hilo, kwa hiyo agawanye: 420,000 kwa 0.75 ni 560,000. Agawanye tena kwa 0.70, na 800,000 za mahindi zinatimia.