Goma: Kompyuta inayodunga mkono, na waya wa ardhi unaokosekana

Katika chumba kimoja cha kuchapa na kufotokopi hati mjini Goma, jimbo la Kivu Kaskazini, wanafunzi wanaoleta kazi zao za mwisho wa masomo wanajua wasiguse kasha la chuma la kompyuta. Ukiligusa kwa mgongo wa mkono, hasa ukiwa umevaa sandali zilizolowa mvua, unasikia kitu kinadunga kama sindano ndogo nyingi. Mwenye chumba alikuwa ametandika kapeti kuukuu chini ya viti na kuwaambia wafanyakazi wasivue viatu. Kapeti ilisaidia. Tatizo lilibaki palepale.

Wengi hudhani kompyuta ya namna hiyo imeharibika. Mara nyingi ni nzima kabisa. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna boksi linalopokea umeme wa volti 220 na kuupunguza, ambalo mafundi huliita alimantasio. Mlangoni mwake kuna kichujio cha kuzuia kelele za umeme zisitoke wala kuingia. Kichujio hicho kina kondansateri mbili ndogo: moja inaunganisha waya wa fazi na kasha la chuma, nyingine inaunganisha waya wa netre na kasha hilohilo. Mtengenezaji aliziweka makusudi, akitegemea kwamba kasha lenyewe limefungwa kwenye waya wa tatu, wa rangi ya kijani na manjano, unaoshuka hadi ardhini. Mafundi wa hapa wanauita tere.

Waya huo ukiwepo, umeme kidogo unaopenya kwenye kondansateri unateremka ardhini bila mtu kujua. Usipokuwepo, kasha linabaki katikati ya fazi na netre, na kwa kuwa kondansateri mbili zinalingana, linapata karibu nusu ya volti 220. Ndiyo maana fundi akipima kati ya kasha na ardhi, multimetre inaonyesha kitu kama volti 90 au 110, na mwenye kompyuta anashtuka.

Lakini volti peke yake haielezi hatari. Kinachoumiza mtu ni kiasi cha umeme kinachopita mwilini, na kondansateri hizo ni ndogo sana, mara nyingi kati ya nanofaradi 2.2 na 4.7. Kwa umeme wetu wa volti 220 na hezi 50, ile ya 4.7 inapitisha takriban miliampea 0.3 tu. Mtu wa kawaida huanza kuhisi umeme kwenye nusu miliampea hivi, na wengine huuhisi chini ya hapo wakigusa kidogo tu kwa ngozi laini. Kufikia miliampea 10, misuli ya mkono inajikaza na mtu anaweza kushindwa kuachia. Kuanzia 30, moyo wenyewe uko hatarini.

Kwa hiyo kompyuta moja inatekenya tu. Kwa nini basi zile za chumba kile zilikuwa zinauma?

Chumba kilikuwa na kompyuta 6, zote kwenye multipriza mbili zilizofuatana. Multipriza hizo zilikuwa nzuri, zenye kipini cha tere katika kila tundu. Ndani yake waya wa kijani na manjano uliunganisha makasha yote 6 pamoja. Ila ralonji iliyozileta ukutani ilikuwa ya waya mbili, na priza ya ukutani ilikuwa ya kizamani, matundu mawili basi. Tere ya kompyuta zote ilikutana mahali pamoja, halafu haikwenda popote. Umeme mdogo wa kila kompyuta ulijumlika: mara 6 ya miliampea 0.3 ni karibu 2. Aliyegusa kasha lolote alipokea wa zote.

Na hapo ndipo hatari ya kweli ilipojificha. Makasha yakiwa yameunganishwa bila kufika ardhini, siku waya mmoja wa fazi ukichubuka ndani ya kompyuta moja na kugusa bati, makasha yote 6 yanapata volti 220 kamili, bila kondansateri ya kuupunguza umeme. Disjonkteri ya kawaida haitashuka, kwa kuwa hakuna njia ya umeme kurudi. Itasubiri mtu awe njia.

Fundi aliyeitwa alianza kwa kutenganisha mambo mawili: je, ni kichujio tu, au kuna fazi inayogusa kasha? Turnevisi ya testeri haijibu swali hilo, maana taa yake ndogo huwaka katika hali zote mbili. Multimetre nayo inaweza kudanganya. Alichukua ampuli ya zamani ya waya wa moto, ya wati 25, akaifunga kati ya kasha na fimbo ya chuma aliyoichomeka kwenye udongo wenye maji, huku mikono yake ikishika sehemu za plastiki peke yake. Ampuli haikuwaka, na volti kwenye kasha zikaanguka karibu na sifuri. Hiyo ni dalili ya kichujio: hakina nguvu ya kuwasha kitu. Kama ampuli ingewaka, hata kwa wekundu hafifu, ingekuwa fazi imegusa chuma na chumba kingezimwa papo hapo. Ampuli za LED hazifai kwa kipimo hiki, kwani baadhi yake humulika kidogo hata kwa umeme mdogo wa kichujio. Na kazi hii ni ya fundi, si ya mwenye duka.

Mwenye chumba alikuwa na swali lingine, lililomgharimu zaidi: kwa nini tundu za USB za kompyuta mbili zilikuwa zimekufa ndani ya miezi michache? Jibu lilikuwa kwenye chumba cha nyuma. Mashine ya fotokopi ilikuwa na priza yake, ambayo fundi mwingine aliiwekea tere zamani. Kila asubuhi mfanyakazi aliwasha kila kitu kwanza, kisha akachomeka kebo ya USB kati ya kompyuta na mashine. Upande mmoja kasha lilikuwa kwenye volti 100 na zaidi, upande wa pili kwenye sifuri. Ganda la chuma la kebo linatakiwa kugusa kwanza na kumaliza tofauti hiyo. Lakini tundu likishalegea, pini za data hutangulia, na cheche isiyoonekana inapita kwenye kipande cha elektroniki kilichotengenezwa kwa volti 3 au 5. Kebo za HDMI zina tabia hiyohiyo. Pasipo tere, dawa ni kuchomoa vifaa vyote ukutani kwanza, kuunganisha kebo, kisha kurudisha umeme. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwa sababu kichujio kinaendelea kupokea umeme hata kompyuta ikiwa imezimwa. Zile multipriza zinazouzwa kama kinga ya radi na umeme unaoruka nazo hupoteza sehemu ya kazi yake bila tere, kwani zinahitaji ardhi ya kumwagia.

Wapo mafundi wanaotibu kudunga huku kwa dakika tano: wanaunganisha kipini cha tere na netre ndani ya priza. Kweli kasha linanyamaza. Lakini fishi nyingi za hapa zinaingia upande wowote, na ralonji ikigeuzwa, netre inakuwa fazi na makasha yote yanakuwa na volti 220. Hali ni hiyohiyo waya wa netre ukikatika barabarani. Wengine hufunga waya kwenye nondo za dirisha, na hivyo kumpelekea mpita njia umeme wa ndani.

Kuweka tere ya kweli Goma si kazi nyepesi. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo, na mitaa ya katikati ilifunikwa upya na lava ya Januari 2002. Fimbo ya shaba ya mita 2 ambayo kwenye udongo mzito inaingia kwa nyundo, hapa inapinda. Na hata ikiingia, jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Fundi alichagua kona ya ua ambapo udongo ulikuwa umeletwa kwa lori kwa ajili ya bustani, akachimba mfereji wa mita 15, akalaza waya wa shaba ulio wazi wa milimita za mraba 25, akaufukia kwa udongo uliochanganywa na makala iliyosagwa. Chumvi, ambayo wengine huweka, aliikataa: inakula shaba, na mvua inaichukua.

Telurometre ilionyesha omu 240. Si kitu cha kujivunia. Kwa miliampea 2 za kompyuta, omu 240 zinaacha nusu volti tu kwenye kasha, na siku hiyohiyo kudunga kukaisha. Hapo wateja wengi hulipa na kuaga. Lakini fazi ikigusa kasha, volti 220 kwenye omu 240 zinasukuma umeme usiofika ampea 1. Disjonkteri ya ampea 16 inauona kama taa tu imewashwa. Kasha linabaki na karibu volti zote, kimya, likisubiri mkono.

Kwa hiyo fundi alikataa kuaga kabla ya kuweka disjonkteri diferansieli ya miliampea 30. Hiyo haipimi umeme mwingi au kidogo, inalinganisha unaotoka kwenye fazi na unaorudi kwenye netre. Ikikosa miliampea 30, inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwa kifaa hicho, hata tere mbovu ya omu 240 inatosha kabisa, na hapo ndipo penye manufaa kwa mji wa mawe. Ina kitufe chenye herufi T ambacho kinapaswa kubonyezwa mara moja kwa mwezi. Kisiposhusha swichi, kifaa kimekufa. Na ina kikomo chake: kwenye jenereta ndogo ambayo netre yake haikufungwa ardhini, haitashuka kwa kosa la kwanza.

Kompyuta za kubeba zenye chaja ya pini mbili hazimo katika hesabu hii. Nazo hutekenya, ila chaja hizo zimetengenezwa zisipitishe zaidi ya robo miliampea, na tere ya nyumba haizigusi kwa kuwa hazina waya wa tatu.

Wiki tatu baadaye, swichi ya diferansieli ilishuka asubuhi na kukataa kupanda. Wafanyakazi walichomoa kompyuta moja moja, bila mafanikio. Iliposhikiliwa juu tena baada ya kuchomoa bilika ya chuma ya kuchemshia maji ya chai, iliyonunuliwa sokoni siku iliyopita na kuchomekwa kwenye multipriza ileile, ikakaa. Waya wake wa joto ulikuwa umepasuka na kugusa bati. Fundi aliikata fishi yake kwa koleo kabla ya kumrudishia mwenyewe.