Kupima Kitabu cha Mwanahistoria: Hoja, Vyanzo na Mchango

Mapitio ya kitabu cha historia ni hukumu fupi inayoandikiwa mtu ambaye bado hajakisoma kitabu chenyewe. Mtu huyo anataka kujua mambo matatu: mwandishi anadai nini, madai hayo yanabebwa na ushahidi gani, na kitabu kimeongeza nini juu ya yale yaliyokwisha kuandikwa. Muhtasari wa sura moja baada ya nyingine haujibu hata moja kati ya hayo, na ndiyo kasoro inayoonekana mara nyingi zaidi katika mapitio ya wanaoanza kazi hii.

Mfano mzuri wa kufanyia kazi ni kitabu cha Jonathon Glassman, Feasts and Riot, kilichochapishwa na Heinemann mwaka 1995. Kinahusu karamu, ghasia na fikra za watu wa kawaida katika pwani ya Waswahili kuanzia 1856 hadi 1888. Kilele chake ni ghasia zilizozuka Pangani Agosti 1888, pale Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipokuja kushika forodha na utawala wa miji ya Mrima baada ya kupewa haki hizo na Sultani wa Zanzibar.

Hatua ya kwanza ni kuitafuta hoja. Mhakiki husoma utangulizi na hitimisho kabla ya sura za katikati, kisha hujaribu kuiandika hoja kwa sentensi moja au mbili za maneno yake mwenyewe. Ni lazima hoja itofautishwe na mada. Kusema kwamba kitabu kinahusu vita vya Abushiri ni kutaja mada tu. Hoja ya Glassman ni kwamba ghasia za 1888 hazikuzaliwa na kuja kwa Wajerumani peke yake. Zilikuwa zimekwisha kuchemka ndani ya miji yenyewe, kwa sababu watumwa, wapagazi na wageni kutoka bara walikuwa wakidai nafasi na heshima ya uungwana, huku wenye mji, yaani majumbe na koo za Kishirazi, wakijaribu kuwazuia. Ugomvi huo ulifanyika hasa kwenye ngoma na karamu, kwa kuwa aliyelisha watu na kulipa ada ndiye aliyehesabiwa kuwa mtu wa mji. Kampuni ilipoingia, umati ukawapita viongozi wake.

Sentensi hizo zikiandikwa vizuri, msomaji huona mara moja kitu kinachoweza kupingwa. Sentensi isiyoweza kupingwa na yeyote bado si hoja, na mhakiki anapaswa kurudi kitabuni.

Hatua ya pili ni vyanzo, na hapa mhakiki husoma tanbihi kwa makini sawa na matini. Haiwezekani kukagua kila tanbihi. Kinachofaa ni kuchagua dai zito kuliko yote, lile ambalo likianguka kitabu kizima huyumba, na kulifuata mpaka kwenye hati inayolibeba. Katika kitabu hiki dai hilo ni kwamba watu wa chini walikuwa na malengo yao wenyewe, yasiyofanana na ya majumbe wala ya Abushiri bin Salim.

Ugumu wake uko wazi: watumwa na wapagazi wa Pangani hawakuacha barua wala kumbukumbu za vikao. Walioandika ni wamisionari, mabalozi, maofisa wa Kampuni na wasafiri kama Oscar Baumann, ambaye alitekwa na waasi mwaka huo huo. Kila shahidi wa namna hii huulizwa maswali yale yale. Alikuwapo au alisimuliwa? Aliandika lini? Alitaka nani amwamini? Ofisa wa Kampuni alikuwa na sababu ya kuita uasi wote kazi ya Waarabu wauza watumwa, maana kwa kusema hivyo aliificha jeuri ya Kampuni na kuomba msaada wa serikali ya Berlin. Kwa hiyo ofisa huyo huyo anapotaja bila kukusudia kwamba umati ulikataa kuwasikiliza viongozi wake, maneno yake yana uzito zaidi, kwa sababu hayamsaidii.

Glassman hutumia njia hiyo, na huipima kwa maandishi ya Kiswahili ya wakati ule, ukiwamo utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy kuhusu vita na Wadachi, na maelezo ya desturi yaliyoandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Maandishi haya nayo hayasamehewi maswali. Waandishi wake walikuwa watu wa elimu waliowatazama watumwa kutoka juu, na maelezo ya Mtoro yalichapishwa mwaka 1903, miaka mingi baada ya tukio. Mhakiki mwangalifu husema wazi: ushahidi wa matendo ya umati ni imara, ila ushahidi wa fikra zao ni wa kukisia kutokana na matendo hayo.

Dalili za udhaifu wa vyanzo zinajulikana. Shahidi mmoja hubebeshwa madai mengi. Maneno kama “bila shaka” huongezeka pale tanbihi zinapopungua. Tanbihi ya jambo la msingi huelekeza kwenye kitabu cha mwanahistoria mwingine badala ya hati.

Hatua ya tatu ni mchango, nao hauonekani bila kujua vitabu vilivyotangulia. Maandishi ya Wajerumani wa enzi ya ukoloni yalieleza uasi wa 1888 kama maasi ya Waarabu. Baada ya uhuru, wanahistoria wengi waliona humo upinzani wa wananchi dhidi ya mgeni. Glassman anazikataa picha zote mbili. Dhidi ya ile ya kwanza upo mkasa wa Lloyd Mathews, kamanda Mwingereza wa jeshi la Sultani, aliyewatoa Pangani maofisa wa Kampuni kisha naye akalazimika kuondoka: umati ulikuwa umeikataa hata mamlaka ya Zanzibar. Dhidi ya ile ya pili ipo migawanyiko ya wenyeji yenyewe. Mchango ukielezwa hivyo, kwa kutaja ni maelezo gani yaliyobadilika na kwa sababu gani, sifa kama “kitabu muhimu sana” haihitajiki.

Lawama nazo zina kanuni. Si haki kumlaumu mwandishi kwa kitabu ambacho hakukusudia kukiandika. Kulalamika kwamba kampeni ya Wissmann ya 1889 haikupewa sura nyingi ni kosa, kwa kuwa jina la kitabu limeweka ukomo kwenye 1888. Kuuliza kuhusu Kilwa, kwa upande mwingine, ni haki. Jina la kitabu linataja pwani ya Waswahili, lakini uzito wa ushahidi uko Pangani na miji ya jirani yake. Kilwa, ambako maofisa wawili wa Kampuni waliuawa Septemba 1888, ilikuwa na uhusiano wake tofauti na bara. Kama ugomvi wa karamu na uungwana unaeleza mambo ya huko pia, hilo linahitaji ushahidi wa huko.

Yakifika kwenye kuandikwa, mapitio ya maneno 800 hadi 1,000 hugawika kwa urahisi. Juu huwekwa jina la mwandishi, kitabu, mchapishaji na mwaka. Aya moja au mbili hueleza hoja, sehemu kubwa ya katikati hupima vyanzo kwa mfano mmoja uliofuatiliwa hadi mwisho, kisha huja mchango na mipaka yake. Makosa ya chapa hutajwa tu yanapopotosha maana, mfano tarehe au jina la mtu. Mhakiki aliyekuwa mwanafunzi au mshirika wa mwandishi hulisema hilo, au huiacha kazi. Sentensi za mwisho humtaja msomaji anayefaidika: cha Glassman kinamfaa anayejua tayari mfululizo wa matukio ya 1888, kwa sababu asiyeujua atapotea katika mjadala wa sababu kabla ya kujua kilichotokea.